Kwa nini kibandiko cha nikotini unaondoka nacho, lakini methadoni unainywa mbele ya muuguzi?

Chukua watu wawili wa Muleba. Wa kwanza anavuta sigara 20 kwa siku na ameamua kuacha. Wa pili anatumia heroini, na yeye pia amechoka. Wa kwanza anaweza kwenda Bukoba mara moja, akaongea na mfamasia, akarudi na dawa za wiki kadhaa kwenye mfuko. Wa pili akianza methadoni, anatakiwa afike kliniki kila siku, anywe dawa yake mbele ya mhudumu, aongee maneno mawili matatu ili ihakikishwe kuwa ameimeza, kisha aondoke. Kesho tena. Keshokutwa tena. Jumapili na sikukuu pia.

Wengi wakisikia hivyo wanadhani ni suala la kutoaminiwa: mvuta sigara anaheshimiwa, teja anachungwa kama mtoto. Unyanyapaa upo, hilo hatubishi. Lakini sababu kubwa ya tofauti hii iko ndani ya dawa zenyewe. Leo tuangalie dawa tatu, yaani nikotini ya tiba, vareniklini na methadoni. Tutaona kwamba zote zinatumia mbinu moja, ila zinatofautiana kwenye mambo mawili: zina kikomo au hazina, na zinakaa mwilini muda gani.

Moto wa majani ya mgomba na moto wa gogo

Aliyekulia Kagera anajua ukiwasha majani makavu ya mgomba kinachotokea. Moto unaruka juu mara moja, joto linakupiga usoni, na kabla hujakaa vizuri umezimika. Ukitaka joto tena, ongeza majani. Gogo ni kinyume chake. Linachelewa kushika, halina mbwembwe, lakini asubuhi unakuta bado lina kaa.

Sigara ni moto wa majani. Moshi ukiingia kwenye mapafu, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Kule inakaa kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli zilizo kama kufuli zinazosubiri ufunguo wake, na seli zinamwaga dopamini, kemikali inayouambia ubongo "hiki kirudie". Kisha nikotini inaanza kupungua. Kila baada ya saa 2 hivi kiasi kilichoko kwenye damu kinakuwa kimebaki nusu, mtu anaanza kukosa utulivu, na anawasha nyingine.

Heroini nayo ni moto wa majani, ila mkali zaidi na kwenye vipokezi vingine, vile vya afyuni. Vipokezi hivi vinatuliza maumivu, vinaleta raha, na pia vinapunguza kasi ya kupumua. Hilo la kupumua likumbuke, tutalirudia. Saa 6 hadi 12 baada ya kutumia, arosto inaanza: miayo, makamasi, machozi, jasho, mifupa kuuma, tumbo kukoroga. Mtu anatumia tena, sio kwa starehe, bali aweze kusimama.

Dawa zetu tatu zinafanya kazi moja ya msingi: zinaondoa moto wa majani na kuweka gogo. Zinakaa kwenye vipokezi vilevile, lakini zinaingia polepole na kudumu. Ubongo haupati ule mruko unaoufundisha kurudia, na wakati huohuo haupati arosto. Hapo mtu anapata nafasi ya kulala, kula, kufanya kazi na kuachana na tabia zilizoizunguka ile sigara au kete.

Nikotini ya tiba: gogo dogo, tena unalibeba

Tuanze na kibandiko. Kinabandikwa kwenye ngozi kavu isiyo na nywele nyingi, kama begani au mgongoni, na kinatoa nikotini taratibu. Kikubwa kabisa hutoa miligramu 21 kwa saa 24. Kwa nini 21? Kila sigara humwingizia mvutaji miligramu 1 hivi ya nikotini, wakati mwingine zaidi kidogo. Kwa hiyo mtu wetu wa sigara 20 amezoea miligramu 20 na kitu kwa siku. Kibandiko kinampa kiasi cha aina hiyo, bila lami na bila hewa ya sumu ya moshi, ambavyo ndivyo vinavyoharibu mapafu na mishipa.

Utaratibu wa kawaida ni kibandiko cha miligramu 21 kwa wiki 6, kisha cha 14 kwa wiki 2, kisha cha 7 kwa wiki 2. Kila asubuhi unabadilisha na kuhamia sehemu nyingine ya ngozi ili isiwashe. Ukiota ndoto za ajabu usiku, unakivua unapolala. Kilichotumika bado kina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto, kwa hiyo kikunje upande wa gundi uwe ndani, kisha kitupe mahali asipofika.

Kibandiko peke yake kina udhaifu: hakijui saa ya hamu. Baada ya kula, au ukikaa na wenzako wanaovuta, hamu inapanda ghafla. Ndiyo maana kinaongezewa dawa ya haraka, kama jojo au peremende ya nikotini, na majaribio yameonyesha kuwa viwili pamoja vinasaidia kuliko kimoja. Anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka hupewa jojo ya miligramu 4. Mwingine hupewa ya 2.

Jojo hii haitafunwi kama jojo ya dukani. Unatafuna polepole mpaka uhisi ukali kama wa pilipili, unaiegesha kati ya shavu na fizi, unasubiri ukali uishe, unatafuna tena. Nikotini inapita kwenye ngozi laini ya mdomo. Ukiimeza na mate inaenda tumboni, unapata kwikwi na kiungulia, na sehemu kubwa inaharibiwa na ini kabla ya kukufaa. Tena ili ipite vizuri mdomo usiwe na asidi. Kahawa na soda zinaleta asidi, kwa hiyo acha kuvinywa robo saa kabla ya jojo na wakati iko mdomoni. Anayesema "nilitafuna haikusaidia", muulize kwanza alikuwa anashushia na nini.

Tukiwa hapo kwenye kahawa, kuna jambo linalowahusu watu wa Kagera kuliko wengi. Moshi wa sigara una kemikali zinazolifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya siku chache, na kafeini ileile inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Sasa mtu aliyezoea vikombe vinne, au anayetafuna kahawa kavu tangu asubuhi, anaanza kutetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi unakata. Anasema, "Ona, kuacha sigara kunaniua." Kumbe sehemu ya tatizo ni kahawa. Dawa ya nikotini hailirudishi ini kwenye ule mwendo wa zamani, kwa sababu kinachofanya hivyo ni moshi, sio nikotini. Suluhisho ni kupunguza kahawa, karibu nusu, tangu siku ya kuacha.

Vareniklini: kukaa kwenye kiti bila kujaza gari

Vareniklini ni kidonge, na hakina nikotini ndani yake. Kilitengenezwa kwa kufuata umbo la sitisini, kemikali ya mimea iliyotumika kuacha sigara huko Bulgaria tangu miaka ya 1960. Kinakaa kwenye vipokezi vilevile vya nikotini, lakini kinaviamsha kiasi tu. Kwa hiyo kinafanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kile kiasi kinachoamshwa kinatosha kupunguza hamu. Pili, kwa kuwa kiti tayari kina mtu, mvutaji akiteleza akawasha sigara, nikotini inafika na kukosa pa kukaa. Wengi wanasema sigara inakuwa haina ladha.

Hapa ndipo lile neno kikomo linapoingia. Hata ukimeza zaidi, vipokezi haviamki zaidi ya kiwango fulani. Utakachopata ni kichefuchefu kikali na kutapika. Dawa yenyewe inajiwekea mpaka.

Kalenda yake ni hii. Siku ya 1 hadi ya 3, nusu miligramu mara moja kwa siku. Siku ya 4 hadi ya 7, nusu miligramu asubuhi na jioni. Kuanzia siku ya 8, miligramu 1 asubuhi na jioni, mpaka wiki 12 zitimie. Siku ya kuacha sigara huwekwa siku hiyo ya 8, maana wiki ya kwanza ni ya kujaza viti. Kinamezwa baada ya chakula na glasi nzima ya maji, la sivyo kichefuchefu, ambacho humpata karibu mtu mmoja kati ya watatu, kinamkatisha tamaa. Karibu dawa yote inatoka kwenye mkojo ikiwa haijavunjwa, kwa hiyo mwenye figo zilizodhoofu sana hupewa dozi ndogo.

Je, inashinda kibandiko? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 kwenye jarida la Lancet uliwafuatilia watu zaidi ya 8,000, wote wakipata pia ushauri. Kati ya kila 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa, kama 9 walikaa bila sigara kuanzia wiki ya 9 hadi ya 24. Waliopewa kibandiko ni kama 16. Waliopewa vareniklini ni kama 22. Utafiti huohuo ulipoangalia hofu ya kuwa vareniklini inavuruga akili, haukuona ongezeko kubwa la matatizo hayo ukilinganisha na kidonge kisicho na dawa, na mwishoni mwa mwaka huo mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa onyo kali lililokuwa kwenye paketi.

Soma namba hizo vizuri. Hata kwa dawa bora, wengi walirudi kuvuta. Kwa hiyo kushindwa mara ya kwanza ni jambo la kawaida, na mtu anarudia, pengine kwa dawa nyingine. Usitegemee pia kuzikuta dawa hizi kila duka la dawa. Mfamasia ndiye wa kuanzia kumuuliza.

Methadoni: gogo kubwa lisilo na kikomo

Methadoni inaamsha vipokezi vya afyuni kikamilifu, kama heroini. Tofauti ni kwamba inanyweka, inaingia polepole, na inadumu zaidi ya siku nzima. Dozi moja asubuhi inamfikisha mtu kesho asubuhi bila arosto. Ikiwa ya kutosha, kwa wengi kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku, inajaza viti kiasi kwamba hata akitumia heroini juu yake hapati kile alichokuwa anakitafuta.

Tanzania ilianza kutoa methadoni Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha huduma ikatoka nje ya Dar es Salaam. Kwa upande wa Kanda ya Ziwa, Hospitali ya Sekou Toure jijini Mwanza ina kliniki.

Sasa, kwa nini usipewe chupa ukaenda nayo? Kumbuka lile la kupumua. Vareniklini ina kikomo, methadoni haina. Kadiri dozi inavyopanda, pumzi inazidi kupungua, mpaka inakata. Mwili wa mtu aliyezoea umejifunza kustahimili, kwa hiyo miligramu 80 zinampa siku ya kawaida tu. Miligramu hizohizo akizinywa mdogo wake ambaye hajazoea, zinaweza kumuua. Chupa moja iliyosahaulika mezani ni hatari ambayo boksi zima la jojo halifikii.

Sababu ya pili inahitaji hesabu kidogo. Tuseme mgonjwa anaanza na miligramu 20, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa kawaida kisizidi siku ya kwanza, na kwa vyovyote kisipite 30. Tuseme pia kwake methadoni inapungua nusu kila baada ya saa 24. Siku ya 1 ana miligramu 20. Siku ya 2 zimebaki 10, anakunywa 20, jumla 30. Siku ya 3 zimebaki 15, anakunywa 20, jumla 35. Siku ya 4 ni 37.5, siku ya 5 ni karibu 39, na inaelekea 40.

Unaona? Dozi haijaongezwa hata tone, lakini kilichoko mwilini kimekaribia mara mbili. Na kuna watu ambao kwao dawa inachukua saa 48 au zaidi kupungua nusu, kwao mlima ni mrefu zaidi. Ndiyo maana wiki mbili za kwanza ndizo za hatari, na mhudumu mzuri hakubali kuruka haraka hata mgonjwa akilalamika siku ya 2 kwamba "hainishiki". Anamwangalia: macho, usemi, anasinzia au la. Mgonjwa akiongezea heroini, vidonge vya usingizi au rubisi ili kufidia, pumzi inaweza kukata usiku amelala.

Dalili za kuzidiwa zijulikane na wa nyumbani. Mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, anakoroma kwa sauti ya ajabu na haamki ukimtikisa, anapumua kwa nadra, midomo inabadilika rangi. Hapo ni hospitali, sio kumwacha alale. Naloksoni inamwamsha, lakini yenyewe inaisha kwa saa moja hivi wakati methadoni bado ipo. Aliyeamka lazima abaki chini ya uangalizi.

Msiba wa siku nne, na dawa ya kifua kikuu

Rudi sasa kwa mtu wetu wa pili. Hata tukiiweka kliniki Bukoba mjini, nauli ya kutoka Muleba na kurudi kila siku ni mzigo. Ya Mwanza ni safari ya meli ya usiku, kwa hiyo hapo lazima ahamie. Tuseme amehamia karibu na kliniki, ametulia kwenye miligramu 80, kisha anaenda kijijini msibani siku nne bila dawa. Akirudi, anadhani ataendelea na 80. Muuguzi anakataa, na yuko sahihi. Kwa siku kadhaa bila dawa mwili umeanza kusahau kustahimili. Kwa hiyo dozi inapunguzwa, mara nyingi kwa nusu, kisha inapandishwa tena akiangaliwa. Akikosa muda mrefu zaidi, anaanza upya. Siyo adhabu. Ndiyo hesabu ile ile ya juu ikirudi nyuma.

Mtego mwingine ni dawa zingine. Methadoni inavunjwa na ini, na rifampisini, dawa ya msingi ya kifua kikuu, inalisukuma ini livunje kwa kasi. Mtu aliyekuwa ametulia anaanza dawa za kifua kikuu, na siku chache baadaye, ingawa amekunywa methadoni asubuhi, jioni ana miayo, jasho, mboni zimepanuka. Kliniki isiyojua itasema amerudia unga. Inayojua itampandishia methadoni hatua kwa hatua, na matibabu ya kifua kikuu yakiisha itaishusha tena, maana ini likipoa dozi ile kubwa inakuwa hatari.

Efavirenzi, dawa ya virusi vya Ukimwi, inafanya jambo kama hilo. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983, swali la dawa za virusi haliwezi kuachwa nje. Nafuu ni kwamba tangu 2019 Tanzania ilianza kuhamia dolutegraviri, ambayo haigusi methadoni kwa kiasi cha kusumbua. Lakini rifampisini bado ipo. Mgonjwa wa methadoni akienda kliniki yoyote nyingine, jambo la kwanza kutaja ni dozi yake, na anayemhudumia aulize.

Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini mmoja anabeba dawa na mwingine anapanga foleni, jibu ni hili. Nikotini ya tiba inakuja kidogo kidogo, na ikizidi inakuchefua kabla haijafika mbali. Vareniklini imejiwekea mpaka yenyewe. Methadoni haina mpaka, inajilimbikiza, na usalama wake unategemea mwili ulioizoea. Mpaka ambao dawa haina, unawekwa na muuguzi anayemwangalia mtu usoni kila asubuhi. Anayepanga huduma Kagera aanzie hapo: methadoni haiwezi kugawiwa kama jojo, kwa hiyo kinachobaki ni kuisogeza kliniki karibu na mtu.